Skuta ya mtumba Kisumu: uzoefu wangu na skuta inayokataa kuwaka

Skuta yangu ni ya Kichina, ya sisi 125, injini ya aina ya GY6 yenye kabureta. Niliinunua ikiwa imeshatumika na mtu mwingine. Natengeneza simu Kondele, na kazi yake kubwa ni kunipeleka mjini kuchukua vipuri na kunirudisha, mara mojamoja kupanda hadi Kiboswa kwa mteja. Kwa shughuli hiyo inanifaa kuliko pikipiki: katoni inakaa pale miguuni, hakuna gia za kubadilisha kwenye msongamano wa Kibuye, na petroli hailambi sana. Inaponiudhi ni kwenye kuwaka, na hapo ndipo maoni yangu yatakaa, kwa maana mwingine anayefikiria kununua ya namna hii atakutana na hayo hayo.

Msimu wa mvua ndefu, baada ya kunyeshewa usiku kucha nje ya nyumba, ilikataa kabisa. Nikibonyeza kitufe, kimya. Nikipiga kiki, injini inazunguka lakini haiwaki. Fundi wa jirani aliitazama akiwa bado amesimama, akatoa hukumu: "Mzee, hii ni betri. Na hiyo kabureta tubadilishe tu mara moja, tusirudie kazi."

Nilimwambia angoje kidogo. Honi ilikuwa inalia kwa nguvu zake zote, na mita yangu ya kupimia simu ilionyesha betri ina volti 12.6. Betri ya hivyo haishindwi hata kutoa mlio wa rilei, kile kiswichi kinachopeleka umeme kwenye stata. Isitoshe, hata kama betri ingekuwa imekufa, hiyo isingeeleza kwa nini kabureta nayo ina hatia.

Jambo ambalo wengi hulichanganya ni kwamba kitufe kutosikia na injini kutowaka ni kesi mbili tofauti. Kitufe kinauliza kama stata inapata umeme. Kiki inaizungusha injini kwa nguvu za mguu, haipitii stata wala swichi ya breki. Kwa hiyo kama kitufe ni kimya lakini kiki inaiwasha, tafuta kwenye nyaya za stata na uiache injini. Kama kiki inaizungusha vizuri na bado haiwaki, hata ukinunua stata mpya utakuwa unaizungusha tu injini isiyowaka. Yangu ilikuwa na kesi zote mbili kwa siku moja, ndiyo maana fundi alitaka kubadilisha kila kitu.

Nianze na kitufe. Skuta haina klachi ya mkono. Klachi yake inashika yenyewe injini inapoongeza kasi, kwa hiyo ukiiwasha huku umevuta mafuta, inaruka na kwenda. Ndiyo sababu watengenezaji wameweka sharti: lazima ushike breki ndipo umeme ufike kwenye kitufe. Umeme huo ndio ule ule unaowasha taa nyekundu ya nyuma. Kipimo chake hakihitaji hata mita. Fungua swichi ya ufunguo, shika breki ya kushoto, mtu aangalie taa ya breki. Kisha shika ya kulia. Yangu, kushoto taa haikuwaka, kulia ikawaka. Nikashika ya kulia, nikabonyeza, stata ikazunguka palepale. Fundi alicheka, akasema mkono wa kulia huwa hautumii kuwashia. Hata mimi nilikuwa nimezoea wa kushoto, kwa sababu wa kulia ndio unaobonyeza kitufe.

Swichi yenyewe ni kitu kidogo cha plastiki chenye waya mbili, kimekaa chini ya mkono wa breki. Ukiuvuta mkono, kijiti chake kinatoka na kuunganisha umeme. Maji na vumbi la barabara vikiingia, kijiti kinaganda ndani. Ukizichomoa zile waya mbili na kuzigusanisha, taa ya breki ikiwaka, basi waya ni nzima na swichi ndiyo mbovu. Fundi alipendekeza tuziache zimegusana hivyo hivyo maisha yote. Nilikataa. Taa ya nyuma ingewaka muda wote, wa nyuma yangu wasijue ninapofunga breki, na mtoto yeyote akibonyeza kitufe ufunguo ukiwa wazi, skuta inaweza kuwaka na kuondoka. Swichi mpya ilikuwa bei ndogo kuliko maneno tuliyoyatumia kubishana.

Baada ya hapo stata ilizunguka vizuri, na skuta bado haikuwaka. Ndipo kiki ikaleta faida yake. Iweke skuta kwenye stendi ya katikati, bonyeza kiki taratibu mpaka mguu uhisi injini imekaza, iachie irudi juu, halafu shusha kwa nguvu moja ndefu. Ule ukinzani unakuambia kompresheni ipo. Kiki ikishuka laini bila kuhisi kitu na feni ya injini haizunguki, meno ya kiki ndani ya kifuniko cha kushoto hayashiki. Feni ikizunguka na bado hakuna ukinzani, basi shida ni ya valvu au pistoni, na hapo mpe fundi nafasi yake. Yangu ilikuwa inakaza sawasawa. Ila tatizo la kiki yangu ni shafti iliyokauka grisi, kiki inabaki chini mpaka uivute kwa mkono, na ukiilazimisha kwa kuikanyaga juu kwa juu unavunja meno yale.

Kufika kwenye plagi ni kazi ya kuudhi. Imejificha chini ya plastiki, na aliyebuni mahali pale hakuwahi kuifungua gizani. Kepu, ile kofia ya mpira inayofunika plagi, uivute kwa kushika kepu yenyewe, usivute waya. Plagi ilitoka imelowa na inanuka petroli. Hiyo ilidhoofisha hoja ya kabureta: petroli inafika kwenye silinda, huenda kinachokosekana ni cheche. Plagi ikitoka kavu baada ya kupiga kiki nyingi, basi ungefuata njia ya petroli.

Niliikausha plagi, nikairudisha kwenye kepu, nikaigusisha mwili wake kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake kwa sababu pale hutoka mvuke wa petroli. Mtoto wa fundi akapiga kiki. Hakuna cheche. Nikaifungua kepu kutoka kwenye waya kwa kuizungusha kinyume cha saa, kwani ndani ina skrubu inayojichomeka katikati ya waya. Skrubu ilikuwa imeota kutu ya kijani, na ncha ya waya imekuwa nyeusi. Kepu nyingi za aina hii zina kizuizi cha umeme ndani, kawaida omu 5,000 hivi. Nilipoweka mita mwanzo na mwisho wake haikusoma chochote. Umeme ulikuwa umekatika ndani ya kepu, maji ya mvua yakamaliza kazi.

Ili kuwa na hakika kwamba koili inayotengeneza umeme wa cheche ni nzima, nilikata nusu sentimita ya waya hadi nikaona shaba safi, nikaushika kwa koleo yenye vishikio vya plastiki, ncha ikiwa karibu milimita 5 kutoka kwenye chuma. Kiki moja, cheche ya buluu ikaruka na kulia. Usishike waya ule kwa mkono mtupu, na usiuache ukining'inia mbali na chuma wakati injini inazungushwa, maana umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuchoma koili au sidiai, kisanduku kinachoiamuru koili itoe cheche. Kepu mpya ya mpira mzuri niliipata duka la vipuri vya bodaboda. Niliiskrubu, nikakausha plagi, nikairudisha. Iliwaka kwa kiki, ikatoa moshi wa petroli iliyojaa, ikatulia.

Kuhusu kepu ninasema wazi: ile ya bei ya chini kabisa msinunue. Mpira wake ni mgumu, haukai vizuri shingoni mwa plagi wala kwenye waya, na hapo ndipo maji hupita.

Filta ya petroli ilikuja baadaye, na dalili zake hazifanani hata kidogo. Asubuhi inawaka kitufe kimoja, natoka vizuri, nikianza kupanda kuelekea Kiboswa inaishiwa nguvu na kuzima. Haitaki kuwaka. Nikingoja kidogo barabarani, inawaka tena kama haijafanya kitu. Sababu ni kwamba bakuli la kabureta linajaa taratibu kupitia filta iliyoziba. Injini ikivuta sana mlimani, bakuli linakauka. Ukipumzika, linajaa tena tone kwa tone. Safari hii plagi ilitoka kavu.

Hapa kuna mtego. Mafundi huchomoa mpira wa petroli, wakaona hakitoki kitu, wakatangaza filta imeziba. Kwenye skuta nyingi bomba la tangi hufunguliwa na mvuto wa injini kupitia mpira mwingine mwembamba, kwa hiyo injini ikiwa imezima ni sawa petroli isitoke. Nilivuta hewa kwenye ule mpira mwembamba kwa bomba la sindano la duka la dawa. Nilipopima kabla ya filta, petroli ilimwagika vizuri kwenye chupa. Baada ya filta, ilidondoka. Nilipoikung'uta filta juu ya kitambaa cheupe ilitoa vumbi la kutu ya kahawia, la tangi hilo hilo.

Filta mpya ina mshale, uelekee kwenye kabureta. Ukiona haijai petroli hadi juu usihangaike, hewa kidogo ndani ni kawaida. Na baada ya kuiweka, kitufe kinaweza kuzungusha kwa muda kabla ya kuwaka kwa sababu bakuli ni tupu. Tumia kiki hapo, betri ipumzike. Kutu ya tangi haijaisha, kwa hiyo nabeba filta ya akiba chini ya kiti.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, lakini ningepunguza bei kwa swichi ya breki, kepu, filta na grisi ya kiki, kwa sababu vyote hivyo nimelazimika kuvigharamia. Anayetaka skuta ya kulala nje kwenye mvua bila kufunikwa, atafute nyingine.