Uzoefu wangu na mkopo wa kikundi: wenzangu wanne ndio hati yangu

Nauza madira Mbagala, chumba nimepanga, sina kiwanja wala kadi ya gari. Benki walitaka hati. Taasisi ya mikopo midogo niliyoiendea ilitaka wadhamini: nijiunge na wanawake wengine wanne, na akishindwa mmoja, waliobaki wamlipie. Mtindo huu ulipata umaarufu kupitia Benki ya Grameen ya Bangladesh, kazi aliyoianza Muhammad Yunus kijijini Jobra mwaka 1976. Huko nako kikundi kilikuwa cha watu watano.

Kinachoshika nafasi ya hati ni mambo tunayojuana sisi kwa sisi. Afisa mikopo hawezi kujua nani ana madeni mtaani, sisi tunajua. Kuna jirani tulimkatalia kwa sababu alishapokea zamu yake ya mchezo akaacha kuchangia. Uchujaji huo benki ingeufanya kwa gharama kubwa, sisi tulimalizana nao barazani.

Nilichukua 400,000. Riba asilimia 20, jumla 480,000, marejesho 20,000 kila wiki kwa wiki 24. Mwenzetu mama ntilie alipouguliwa na mtoto, rejesho lake tuligawana, 5,000 kila mmoja, naye akaturudishia kidogo kidogo. Hapo mfumo ulifanya kazi vizuri sana, kwa sababu aliyekwama alikuwa mmoja na sisi wanne tulikuwa tumeuza.

Udhaifu wake niliuona masika. Wengi wetu tulikuwa soko moja, maji yakaingia, hakuna aliyeuza. Mdaiwa na mdhamini wote mikono mitupu. Kikao hakifungwi mpaka hesabu itimie, tukakaa hadi jua linazama, mwishowe wakakata kwenye akiba yetu ya lazima, ile asilimia 10 waliyoizuia siku ya kutoa mkopo. Afisa alipoanza kusema tukachukue televisheni ya mwenzetu nilikasirika sana, na bado naona ni vibaya: tuliahidi kulipa, hatukuahidi kunyang'anyana vyombo.

Kingine, ulizeni riba inahesabiwaje. Yetu ilipigwa kwenye 400,000 yote mpaka wiki ya mwisho, ingawa deni lilikuwa linapungua kila wiki. Kwa wastani unakuwa umeshika kama nusu tu ya fedha hiyo, kwa hiyo gharama halisi inakaribia maradufu ya ile asilimia 20 wanayoitaja. Na akiba iliyozuiwa unailipia riba vilevile.

Hata hivyo nimekopa tena, maana mtaji wa madira nisingeupata kwingine. Safari hii tumepanga kikundi upya: muuza mkaa, fundi cherehani, msusi, mama ntilie na mimi, hakuna wawili wa soko moja, na mikopo yetu inalingana ili asiwepo anayebeba deni kubwa kuliko lake. Asiye na rejesho anatuambia usiku wa kuamkia kikao, tukachange mapema.