Hedifoni za kuogelea zenye memori ndani: miezi saba bwawani na baharini

Kabla ya hizi nilizonazo sasa, niliacha elfu themanini Kariakoo. Muuzaji alitumbukiza hedifoni kwenye ndoo ya maji mbele ya macho yangu, akazitoa, zikaendelea kuimba. Nikalipa nikiwa nacheka. Kesho yake alfajiri nikaiweka simu juu ya taulo ukingoni mwa bwawa, nikaingia majini. Kichwa kikiwa juu, muziki safi kabisa. Nikazamisha uso, kimya. Nikageuza shingo kuvuta pumzi, nikasikia nusu ya neno, nikarudi chini, kimya tena. Nilikwenda mita 25 na kurudi nikisikiliza wimbo uliokatwakatwa kama mboga.

Zile hedifoni hazikuwa mbovu, na yule kijana hakunidanganya. Boksi liliandikwa IPX7, yaani zinavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30 bila maji kuingia. Maandishi hayo yanahusu maji kuingia ndani ya kifaa. Hayasemi lolote kuhusu sauti kufika kwenye kifaa. Bluetooth hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya maikrowevu ya jikoni, na maji huyameza. Hewani simu inafika mita kumi bila shida. Majini, sentimita chache tu na mawimbi yameshakwisha nguvu. Maji ya bahari ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu chumvi inayafanya yapitishe umeme.

Nilijaribu pia kutumia saa yenye nyimbo ndani yake, nikidhani umbali wa kiganja hadi sikio ni mdogo. Kuogelea chura huku kichwa kiko nje, sawa. Lakini kwa mtindo huru, mkono ukiwa mbele umezama na sikio nalo limezama, hakuna kitu. Basi nikaelewa kwamba nyimbo zenyewe lazima zikae kichwani, pamoja na spika.

Hizi za sasa shemeji alinibebea kutoka Dubai, laki nne kasoro kidogo. Ni waya mmoja mgumu unaopita nyuma ya kisogo, na vijisahani viwili vinavyokaa mbele ya masikio, juu ya mfupa wa shavu. Hakuna kinachoingia sikioni. Sauti inapita kwenye mfupa. Memori ni GB 4. Msichekee namba hiyo. MP3 ya kiwango cha 128 inakula takriban MB 1 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 5 ni MB 5, na nafasi ile inabeba zaidi ya saa sitini. Taarabu yangu yote imeingia na mahubiri ya mama yamepata nafasi.

Shida ni namna ya kuzijaza. Kwanza, nyimbo ulizopakua ndani ya programu za kulipia kwa mwezi hazihamishiki. Zimefungwa, zinafunguka ndani ya programu ileile tu. Nililazimika kurudi kwenye CD zangu za zamani, nikazigeuza kuwa MP3 moja baada ya nyingine, nikaongeza na vipindi vya mazungumzo vinavyotolewa kama faili za kawaida.

Pili, mpangilio. Nilikuwa na hadithi ya kusikiliza, sehemu 12, nikazichagua zote kwenye kompyuta na kuziburuta kwa mkupuo mmoja. Bwawani ikaanza sehemu ya 7, ikaja ya 3, kisha ya 11. Hakuna skrini, huna pa kuangalia, unabonyeza kitufe huku unatapatapa kama paka aliyeanguka kisimani. Wiki nzima nililaumu kifaa. Kumbe hakisomi majina hata kidogo. Kinacheza faili kwa kufuata ile iliyotangulia kuandikwa kwenye memori. Ukiburuta nyingi pamoja, kompyuta inaweza kuanza na yoyote, mara nyingi na ile uliyoishika na panya.

Dawa niliyoipata ni hii. Nafuta kila kitu kilichomo kwenye hedifoni kwa kubonyeza Format na kuchagua FAT32. Naziita faili 01, 02, 03, si 1, 2, 3, maana bila sifuri ya mbele 10 inatangulia 2. Halafu nafungua cmd, dirisha la amri la Windows, naingia kwenye folda ya faili hizo kwenye kompyuta na kuandika:

```
for %f in (*.mp3) do copy "%f" E:\
```

Hapo E ni herufi ambayo kompyuta imezipa hedifoni. Yako inaweza kuwa nyingine, iangalie kwanza. Faili zinakwenda moja moja kwa zamu, na tangu siku hiyo sehemu ya 1 inafuatwa na ya 2. Ukitaka kuongeza wimbo katikati, hakuna njia ya mkato: unafuta na kujaza upya.

Sauti sasa. Ukiwa ukingoni, bila kitu masikioni, ni nyembamba kama redio ya bodaboda. Besi hakuna. Nilikaribia kuziuza. Kisha nikaweka plagi za silikoni, zile laini za kuzuia maji, nikabonyeza tena: sauti ikajaa kichwa, na besi ikaja. Wasiojua watakushangaa kwamba unaziba masikio ili usikie muziki, lakini sauti inayopita mfupani hutokea kwa sehemu kupitia tundu la sikio, na ukiliziba inabaki ndani. Mnaotaka kujaribu bila hedifoni, zibeni masikio kwa vidole halafu ongeeni. Hata hivyo, kwa mtindo huru mapovu ya pumzi yanafunika maneno ya mtu anayezungumza taratibu. Muziki unastahimili mapovu. Hadithi inahitaji msomaji mwenye sauti nzito.

Waya wa nyuma ulikuwa ukipanda kila nikijisukuma ukutani. Nikaanza kuvaa hedifoni kwanza, kisha miwani, kisha kofia ya kuogelea juu ya vyote. Hazijatikisika tena.

Kosa langu kubwa lilikuwa Kigamboni. Nimetoka baharini Jumapili, nimechoka, nikazifuta kwa fulana na kuzipachika kwenye chaji usiku huohuo. Chaji yake ni ya sumaku, pini nne zinazogusana na nukta nne za shaba. Maji ya chumvi yaliyobaki pale, ukiyapitishia umeme, yanaila shaba hiyo. Baada ya Jumapili tatu nukta mbili zilikuwa na ukungu wa kijani, na taa ya chaji ikagoma kuwaka. Nilisugua kwa mswaki laini na spiriti kidogo, ikarudi, ingawa sasa lazima niitikise mpaka ishike. Siku hizi nazisuuza kwa maji ya bomba, nazikung'uta na kuziacha kivulini mpaka asubuhi ndipo nachaji. Chaji moja inanipa karibu saa saba, kwa hiyo hakuna haraka yoyote.

Jambo moja bado linanisumbua. Nikiwa na plagi na muziki, sisikii boti. Bwawani si neno. Baharini, mwezi uliopita, mwenzangu alinivuta mguu. Mtumbwi wa mashine ulikuwa unapita si mbali, na mimi nilikuwa katikati ya kiitikio. Sasa Kigamboni naziacha kwenye begi.