Uzoefu wangu: ikisiri ya kongamano iliyosafishwa lugha bila dai kuguswa

Lugha yangu ya kwanza ni Kiganda. Kiswahili nilikianza sekondari, nikakisomea chuoni, na sasa ninakifundisha, lakini ninapoandika kwa haraka bado Kiganda hunitangulia: naandika "vile wanakosea" mahali pa "jinsi wanavyokosea", na "Kiganda inasema" mahali pa "Kiganda kinasema". Kwa hiyo nilipoandaa ikisiri ya maneno 250 kwa ajili ya kongamano la Kiswahili, nilitafuta mhariri wa kulipwa. Niliishia kulipia wahariri wawili. Wa kwanza alinirudishia maandishi mazuri ambayo hayakuwa yangu tena, na wa pili ndiye ninayemwandikia tathmini hii.

Utafiti wenyewe ulikuwa mdogo. Wanafunzi 48 wa kidato cha pili, kutoka shule mbili za eneo la Masaka, waliandika insha moja kabla ya mafunzo ya wiki sita na nyingine baadaye. Nilitazama upatanisho wa nomino za wanyama tu. Katika Kiswahili mnyama hufuata upatanisho wa viumbe hai, ndiyo maana tunasema "ng'ombe huyu", ilhali katika Kiganda husemwa "ente eno" kwa kiashiria kilekile cha "ennyumba eno", yaani nyumba hii. Haishangazi, basi, kumwona mwanafunzi wa Kiganda akiandika "ng'ombe hii". Sentensi yangu kuu ilikuwa hivi:

"Tulipata ya kwamba wanafunzi wengi waliandika 'ng'ombe hii' badala ya 'ng'ombe huyu', na huenda hii inatoka kwa Kiganda, kwa sababu Kiganda inasema 'ente eno'."

Mhariri wa kwanza aliirudisha hivi: "Imethibitika kwamba wanafunzi huandika 'ng'ombe huyu' kwa upatanisho usio sahihi kutokana na athari ya Kiganda." Nakiri kwamba niliisoma mara mbili na kuifurahia, kwa sababu ilikuwa na mwendo wa kitaaluma ambao yangu haikuwa nao. Niliposoma mara ya tatu nikiwa na insha za wanafunzi mezani, niliona kilichotokea. "Ng'ombe hii" ilikuwa data, kosa lililonakiliwa kutoka daftari la mwanafunzi, naye alilisahihisha kama kosa langu, hata sentensi ikadai kwamba "ng'ombe huyu" ndiyo isiyo sahihi. "Wengi" ilikuwa imetoweka. "Huenda" ilikuwa imegeuka "imethibitika". Tena "waliandika", ambayo ni habari ya insha nilizozisoma, ilikuwa imekuwa "huandika", na kiambishi hicho kimoja cha hu- kikawafanya wanafunzi 48 kuwa wanafunzi wote wa siku zote. Zaidi ya hayo, ili asivuke maneno 250, alikuwa ameiondoa sentensi iliyosema kwamba matokeo ni ya shule mbili tu.

Mhariri wa pili, ambaye ni mwalimu mstaafu wa isimu, hakuanza kwa kuhariri. Alinitaka kwanza niandike kila dai la ikisiri katika mstari mmoja mfupi, kwa lugha yoyote niliyoiweza, na niweke alama kwenye kila neno ambalo halipaswi kuguswa hata kama linaonekana limekosewa. Nilipata mistari saba. Kazi hiyo ilinichukua karibu saa nzima, na wakati ule niliona kama ananitwika mzigo wake, lakini ndiyo iliyonifaa kuliko zote. Siku mbili baadaye alinitumia nakala mbili, moja safi na nyingine inayoonyesha kila kilichofutwa na kilichoongezwa, pamoja na maswali pembeni. Sentensi ile sasa ilisomeka:

"Ilibainika kwamba wanafunzi wengi waliandika 'ng'ombe hii' badala ya 'ng'ombe huyu', na huenda kosa hilo linatokana na Kiganda, ambamo husemwa 'ente eno'."

Linganisheni na sentensi yangu ya awali. "Tulipata ya kwamba" imekuwa "ilibainika kwamba", "inatoka kwa" imekuwa "linatokana na", na "hii", ambayo haikuwa na nomino ya kuirejelea, imepewa "kosa hilo". Hizo ni sarufi na mtindo. "Wengi", "waliandika" na "huenda" zimebaki zilipokuwa. Hata "husemwa" ya mwishoni ni halali, kwa kuwa inaeleza kawaida ya Kiganda na si tabia ya wanafunzi wangu.

Swali lake moja lilinionyesha kwamba anajua mpaka wa kazi yake. Niliandika kwamba matumizi sahihi "yaliongezeka kwa asilimia 12". Aliuliza kama yalipanda kutoka asilimia 40 hadi 52, au kama ni ongezeko la asilimia 12 juu ya kiwango cha mwanzo, ambalo lingefikia asilimia 44.8 tu. Yalikuwa yamepanda kutoka 40 hadi 52, yaani pointi 12 za asilimia, na kwa hesabu ya ongezeko hiyo ni asilimia 30. Hakuniandikia jibu ndani ya maandishi. Aliiacha sentensi kama ilivyokuwa, akauliza, nami nikaiandika upya: "yalipanda kutoka asilimia 40 hadi asilimia 52". Mhariri anayejaza jibu mwenyewe mahali kama hapo, hata akipatia, anakuwa amedai jambo ambalo hakulipima.

Kuhusu urefu, usahihishaji ulifikisha ikisiri maneno 261. Alipendekeza maneno 14 ya kupunguza, yote katika utangulizi, ambako nilikuwa nimesema mara mbili kwamba upatanisho ni muhimu, na akaniachia uamuzi. Sentensi ya shule mbili hakuigusa.

Dosari ipo, na ilikuwa yake. Nilikuwa nimeandika "wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Kiganda", naye akaifupisha kuwa "wanafunzi ambao lugha mama yao ni Kiganda". Watu wengi huyatumia maneno hayo kwa maana moja, na ndiyo sababu hakuliona tatizo. Katika utafiti wangu, lugha ya kwanza ni ile mtoto aliyoanza kuizungumza nyumbani, na wanafunzi wanne wana mama wasemao Kinyankole ingawa wao wenyewe walianza na Kiganda. Niliigundua nilipokuwa nikipitia mistari yangu saba mmoja baada ya mwingine dhidi ya nakala safi. Aliirudisha siku hiyohiyo bila malipo ya ziada.

Nililipa shilingi 60,000 za Uganda. Kwa maneno 250 si bei ya chini, na anayehitaji kazi kwa usiku mmoja hatamfaa, kwa kuwa hapokei ikisiri isiyo na orodha ya madai. Nitamrudia makala kamili itakapokuwa tayari, na safari hii mifano yote ya wanafunzi nitaiandika kwa mlazo tangu mwanzo, na maana ya "lugha ya kwanza" nitaieleza katika mstari wa kwanza wa orodha.