ATM ilinipa 340,000, risiti ikasema 400,000: uzoefu wangu wa kudai mpaka nikalipwa

Huduma ninayoitathmini hapa hakuna benki inayoitangaza: kudai fedha zilizopungua kwenye ATM. Mimi nimeipitia yote, kuanzia mbele ya mashine mpaka fedha kurudi kwenye akaunti, na kuna mambo ambayo wahudumu walinieleza nusunusu ambayo kila mwenye kadi anastahili kuyajua mapema.

Ilikuwa jioni ya mwisho wa mwezi, kwenye ATM iliyopo kituo cha mafuta, Ubungo. Kadi ilikuwa ya benki yangu, mashine ni ya benki nyingine. Niliomba 400,000, ambayo kwa mashine zetu nyingi ndiyo kikomo cha mkupuo mmoja, kwa kuwa zinatoa noti 40 kwa wakati na noti yetu kubwa ni ya elfu kumi. Mashine ilihesabu, ikakwama kidogo, ikakoroma, halafu noti zikatoka zimekaa upande. Nilizihesabu palepale bila kugeuka. Zilikuwa 34. Risiti ikaandika 400,000, na SMS ya benki yangu ikaingia ikisema hivyohivyo, pamoja na makato ya huduma.

Kwanza niliangalia kama tofauti ile si makato. Makato hukatwa kwenye salio, hayapunguzi noti unazopewa. Kwa hiyo noti zikipungua mkononi, hilo ni tatizo lingine kabisa.

Jambo la pili ndilo lililoniokoa, na nililijua kwa sababu dada yangu aliwahi kufanya kazi kwenye kitengo cha kadi. Watu wengi huambiwa wasubiri, fedha zitarudi zenyewe. Ni kweli zinarudi zenyewe pale mashine inapojua kwamba imeshindwa kulipa. Mashine hutuma taarifa, muamala unageuzwa, na salio linarudi baada ya dakika chache au siku kadhaa. Lakini risiti ikiandika kiasi kamili ilhali mkononi zimepungua, maana yake mashine inaamini imekulipa zote. Haina cha kugeuza. Ukisubiri hapo utasubiri mpaka uchoke, hakuna kitakachorudi bila wewe kudai.

Inawezekanaje mashine iamini hivyo? Noti hutoka kwenye makasha, zinapita kwenye mikanda midogo na kukusanywa pamoja kabla ya mlango kufunguka. Njiani kuna vihisi vinavyozihesabu na kupima unene, ili noti mbili zilizogandana zisipite kama moja. Noti chakavu au isiyoeleweka huelekezwa kwenye kasha la pembeni. Shida huja noti zikinasa mwishoni kabisa, karibu na mlango, hesabu ikiwa imeshafungwa. Wewe unavuta zile zilizojitokeza, zilizobaki zinavutwa ndani na kuangukia kasha la pembeni. Kwenye kumbukumbu inasomeka noti 40 zimetolewa. Lakini noti 6 zangu zimo ndani ya chuma kile, na siku watakapokuja kuhesabu, watakuta ziada ya 60,000 isiyo na mwenyewe.

Hiyo ziada ndiyo ushahidi. Kamera husaidia kuonyesha kwamba ulikuwepo na hakuna aliyekuingilia, lakini ni nadra picha iweze kuhesabu noti mkononi mwa mtu. Kinachoamua ni vitu viwili vinavyowekwa pamoja: kumbukumbu ya mashine, ambayo inaandika kila hatua ya muamala pamoja na hitilafu zake, na hesabu halisi ya fedha zilizokutwa ndani. Kazi ya mdai ni kulifunga dai lake kwenye muamala mmoja mahususi, ili ziada itakapoonekana isibaki inaelea.

Ndiyo maana risiti ile niliipiga picha kabla sijaondoka. Risiti nyingi za ATM huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, bila wino, zikikaa kwenye pochi zinafifia. Vilivyohitajika ni namba ya mashine, inayoandikwa `TERMINAL ID`, tarehe na saa mpaka dakika, tarakimu za mwisho za kadi, na namba ya kumbukumbu ya muamala, ambayo mara nyingi huandikwa `RRN` na ina tarakimu 12. Nikapiga picha pia kibandiko cha mashine chenye jina la benki na eneo. Kama mashine haikutoa risiti, SMS ya benki itabeba sehemu ya hayo, lakini andika mwenyewe saa na mahali.

Sasa huduma yenyewe. Nilipiga simu ya huduma kwa wateja ya benki yenye mashine, kwa kuwa namba ilibandikwa pale. Kijana alinisikiliza kwa adabu kisha akaniambia, "Dada, wewe si mteja wetu, nenda benki iliyokupa kadi." Aliniudhi, lakini alikuwa sahihi. Dai linaanzia benki yenye akaunti yako, nayo ndiyo inayowasiliana na benki yenye mashine kupitia mtandao uliopitisha muamala. Ungekuwa umetoa kwenye mashine ya benki yako mwenyewe, kila kitu kingekuwa chini ya paa moja na kingeenda haraka zaidi.

Tawini kwangu nilipokelewa na mama mmoja wa dawati la huduma, mpole na mwenye haraka. Akavuta fomu ya malalamiko ya miamala, akaweka alama kwenye "fedha hazikutoka", na kwenye kiasi akaandika 400,000. Hapo nilimwomba asimame kidogo.

"Mama, sidai laki nne. Nimepata 340,000. Ninadai 60,000."

"Muamala si ni wa laki nne? Mfumo unataka kiasi cha muamala."

Nilimsihi aandike vyote viwili: muamala 400,000, kilichopokelewa 340,000, kinachodaiwa 60,000. Hili naliona ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii. Dai likienda la 400,000, wenzao watafungua hesabu watafute ziada ya 400,000, hawataiona, na jibu litakuwa dai limekataliwa kwa kuwa hakuna ziada inayolingana. Wakati huohuo 60,000 yako ipo palepale kwenye vitabu vyao. Kama fomu haina nafasi ya malipo pungufu, andika kwenye maelezo, na uombe nakala yenye mhuri au namba ya lalamiko. Mimi niliomba vyote viwili na nikapewa.

Jibu la kwanza lilikuja kwa SMS: muamala umefanikiwa, lalamiko limefungwa. Nilirudi tawini na kumwomba meneja wa huduma anionyeshe wamelijibu kwa msingi gani. Akageuza kioo cha kompyuta nikaona mstari wa muamala wangu na msimbo wa majibu `00`. Msimbo huo maana yake ni kwamba benki yangu iliidhinisha muamala. Hausemi noti ngapi zilitoka mlangoni. Yaani mtu aliyejibu lalamiko alitazama kumbukumbu za upande wetu tu, hakuuliza upande wa mashine. Nilimwambia hivyo kwa heshima, nikaomba dai lipelekwe rasmi benki yenye mashine, nao walete kumbukumbu ya mashine na hesabu ya fedha ya siku ile. Nampa meneja huyo sifa zake, hakubishana. Alilifungua upya akiwa mbele yangu.

Baada ya hapo kulikuwa na kimya kirefu, na sababu yake ni ya kweli. ATM iliyo ukutani mwa tawi huhesabiwa mara kwa mara na wafanyakazi wa tawi. Ile ya kituo cha mafuta au dukani kwa kawaida huhudumiwa na kampuni ya kusafirisha fedha, na hesabu hufungwa wanapokuja kuijaza. Mpaka wafike, noti zako zimekaa gizani. Nilipiga simu kila wiki nikitaja namba ya lalamiko, basi.

Ukifika hapo ukakataliwa bila kuonyeshwa hesabu, usiridhike na SMS. Omba jibu la maandishi. Kwa Tanzania zipo Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, na mlalamikaji ambaye benki yake haikumridhisha anaweza kupeleka lalamiko Benki Kuu, ila ni lazima aonyeshe kwamba alianza na benki yake. Nakala yenye mhuri inapata kazi hapo. Kwa kadi za Visa na Mastercard pia kuna ukomo wa kudai kupitia mtandao wao, kwa kawaida siku 120, kwa hiyo usilaze jambo ukitegemea litajitatua.

Onyo moja nalitoa kwa uchungu. Rafiki yangu alilalamika hadharani kwenye ukurasa wa benki akiweka na namba yake ya simu. Muda si mrefu akapigiwa na "afisa wa benki" aliyetaka namba ya siri ili "arudishe muamala". Kurudisha fedha hakuhitaji namba yako ya siri wala msimbo unaotumwa kwenye simu yako, hata siku moja.

Kwa waliopata tatizo la upande wa kuweka fedha, kaka yangu lilimpata kwenye mashine ya kuwekea fedha: noti zimeshaingia, umeme ukakatika, salio halikuongezeka, risiti haikutoka. Mantiki ni ileile ya ziada ndani ya mashine, ila yeye alitakiwa kutaja mchanganuo wa noti. Alisema 25 za elfu kumi na 10 za elfu tano, jumla 300,000. Mchanganuo ulilingana na zilizokutwa mashineni, na kwa kuwa mashine ilikuwa ya benki yake, tena ya tawini, alilipwa upesi kuliko mimi.

Zangu ziliingia hatimaye, 60,000 kamili, kwenye taarifa ya akaunti zikiwa na namba ya muamala uleule wa mwanzo. Kwa huduma nzima naipa benki yangu nyota tatu kati ya tano. Tawi lilinisikiliza na kukubali kurekebisha. Nyota mbili nimezizuia kwa ajili ya fomu isiyo na nafasi ya malipo pungufu na lalamiko kufungwa kwa msimbo `00` bila mtu kuuliza mashine imekutwa na shilingi ngapi.