Kisanduku cha matukio: kianze na la zamani au la karibuni?

Kisanduku cha matukio kando ya habari ya BBI, mpango wa kubadilisha katiba nchini Kenya, kingeweza kuanza na Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kupeana mikono tarehe 9 Machi 2018, au na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 31 Machi 2022. Mpangilio wa kwanza huonyesha chanzo, lakini msomaji wa simu huishia njiani, akadhani hukumu ya Mahakama Kuu ya Mei 2021 ndiyo ya mwisho. Wa pili humfikisha papo hapo penye habari mpya, ila kila mstari sharti ujitegemee: "Rufaa yatupwa" haueleweki ikiwa hukumu iliyokatiwa rufaa iko chini yake, hivyo heri kuandika "Mahakama ya Rufaa nayo yaizuia BBI". Kesi ikiwa bado inaendelea, ningechagua wa pili; ikishafungwa, ningeugeuza.