Saccos yetu, akiba iliyokwama na barua niliyowaandikia

Jina la chama silitaji maana bado wana hela yangu, ila ni saccos ya wafanyakazi kama zile nyingi mnazozijua, unakatwa kwenye mshahara kila mwezi, unakopa mpaka mara tatu ya akiba, unadhaminiwa na wenzako. Mi ni mwalimu, nilikua Morogoro, nikahamishiwa Tabora, nikaona sasa hii saccos sitaitumia tena nikaandika barua ya kujitoa. Masharti ya chama chetu yanasema unatoa notisi ya siku 60, wanakata deni lako kama lipo, kinachobaki wanakulipa. Siku 60 zikaisha, kimya.

Majibu ya simu mnayajua. Mwalimu vuta subira makato hayajaingia, mwalimu mhasibu yuko semina, mwalimu piga mwisho wa mwezi. Sasa kwa haki hili la makato sio uongo, mwajiri anakata leo ila mpaka hela ifike kwenye akaunti ya chama inaweza pita muda, na akiba zetu hazijalala kwenye kabati pale ofisini, wamekopeshwa wanachama wengine, kwahiyo anaejitoa analipwa na marejesho yanayoingia. Wakijitoa watu wengi kwa pamoja hela inabana kweli. Hapo siwalaumu.

Kilichonichefua ni kwamba kipindi hicho hicho naambiwa hakuna hela, mwalimu mwenzangu niliemuacha Moro kapewa mkopo wa maendeleo mpya, ananiambia kwa furaha kabisa. Yani kama chama kinakopesha upya maana yake hela inaingia, ila kuna mtu anaamua nani atangulie na sisi tuliojitoa tunawekwa nyuma kwasababu hatuna tena cha kuwapa. Ukitaka kujua saccos yako imekwama kweli au wanakuzungusha, uliza watu kama mikopo mipya bado inatoka.

Nikaacha simu nikaandika barua, na sikuandika ya malalamiko, niliandika ya kudai vitu viwili tu, maelezo na tarehe. Niliielekeza kwa Mwenyekiti wa Bodi kupitia kwa Meneja, maana meneja akijibu kwa mdomo anajibu yeye ila barua ya bodi lazima iingie kwenye kikao. Kiini chake kilikua hivi:

"Yah: Kucheleweshwa kwa malipo ya akiba yangu na ombi la ratiba ya malipo.

Rejea kichwa cha habari hapo juu na barua yangu ya kujitoa uanachama ambayo muda wake wa notisi umeshaisha. Kwa kumbukumbu zangu nina akiba ya shilingi 4,300,000 na hisa za shilingi 200,000, na nilikuwa na deni la shilingi 1,150,000. Naomba bodi inithibitishie kwa maandishi hesabu hiyo, au inioneshe palipo na tofauti.

Pili, naomba kuelezwa sababu ya kucheleweshwa, kwa kutaja kama ni upungufu wa fedha za chama, ni dhamana niliyomwekea mwanachama mwingine, au ni sababu nyingine. Tatu, naomba ratiba yenye tarehe na kiasi cha kila awamu. Nne, naomba nielezwe deni langu limekatwa kwenye akiba tarehe ipi, kwa kuwa sistahili kuendelea kutozwa riba wakati fedha za kulifuta mnazo ninyi.

Naomba kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku 14. Nakala: Kamati ya Usimamizi, Afisa Ushirika wa Halmashauri."

Hizo nakala mbili chini ndo zina uzito. Kamati ya Usimamizi ni wanachama tuliowachagua wenyewe wawachunguze bodi, na wengi tunawasahau kabisa mpaka mkutano mkuu. Afisa Ushirika ndie wa karibu zaidi upande wa serikali, juu yake kuna Mrajis Msaidizi wa mkoa na yeye yuko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Sikuwatisha wala kutaja mahakama, nimeweka tu majina wajue barua imefika na kwengine.

Kuipeleka nilimtuma shemeji yangu yuko Moro pale. Akanipigia yuko kaunta, "Shemeji, dada hapa anasema niiache tu atampa meneja, mhuri hagongi." Nikamwambia shemeji usitoke, mwambie kama mhuri ni shida aandike kwa mkono jina lake na tarehe juu ya nakala yetu. Akabaki kasimama na foleni nyuma yake, mwisho wakagonga. Bila ile nakala yenye mhuri hizo siku 14 zingeanza kuhesabiwa kutoka wapi?

Jibu lilikuja, lilichelewa kidogo ila lilikuja, kwenye karatasi ya chama na kumbukumbu namba. Na humo ndo nikakutana na kitu ambacho kwenye simu zote hakuna alienambia, kwamba nimemdhamini mwalimu mmoja na bado anadaiwa, kwahiyo 900,000 ya akiba yangu imezuiwa mpaka amalize au apate mdhamini mwingine. Kudhamini nilidhamini ni kweli, fomu nilisaini, ila miezi yote hiyo wananiambia makato makato! Hesabu yao ikawa akiba 4,300,000 toa deni inabaki 3,150,000, toa hiyo ya dhamana inabaki 2,250,000, italipwa awamu tatu za 750,000 kila mwisho wa mwezi. Hisa hawarudishi taslimu, kwa masharti yetu natakiwa nimuuzie mwanachama mwingine, hilo lipo kweli nikaangalia.

Kwenye sababu wakaandika chama kina upungufu wa fedha na bodi "inafuatilia mkopo benki". Hapo nikapigia simu mjumbe mmoja wa Kamati ya Usimamizi, nikamuuliza kaka huo mkopo uko ndani ya ukomo wa madeni tuliopitisha mkutano mkuu? Maana chama hakikopi nje kinavyotaka, wanachama ndo tunapitisha ukomo na Mrajis anauridhia. Akasema ataulizia. Sijui kama aliulizia ila awamu ya kwanza haikusubiri huo mkopo.

Yule mwalimu niliemdhamini nilimpigia mwenyewe, hakua hata na habari kama hela yangu imeshikwa kwa ajili yake, akatafuta mtu wakajaza fomu ya kubadili mdhamini, kamati ya mikopo wakapitisha, 900,000 ikaachiwa na wakaniandikia kwamba itaungana na awamu ya tatu. Jambo la wiki chache lilikaa muda wote huo kwasababu halikuandikwa popote.

Awamu ya kwanza iliingia tarehe waliyosema, ya pili ikachelewa, nikawatumia meneja na mwenyekiti wasapu picha ya ratiba yao wenyewe nikazungushia tarehe, sikuandika neno, baada ya siku kadhaa ikaingia.

Kwa mikopo hawa jamaa ni wazuri, nimejengea nyumba, ila kwenye kumlipa anaeondoka nawapa mbili kati ya tano. Bado nasubiri ya tatu, 1,650,000 kwa jumla, na swali la riba hawajaligusa kabisa kwenye barua yao, nimeshawaandikia tena hilo peke yake na safari hii shemeji kaenda na kalamu yake.