Kuita bajaji kwa simu Tanga: keshi, pini na linki ya safari

Nimeitumia programu ya kuita bajaji kutoka stendi ya Kange hadi Raskazone, na kwa mara ya kwanza haina ugumu. Andika namba ya simu kwa kuanza na 255 bila ile sifuri ya mwanzo, subiri meseji yenye namba za uthibitisho, basi umeshaingia.

Kazi iko kwenye pini, ile ya kwenye ramani inayomwonyesha dereva ulipo. Pale Kange simu ilinitupa barabarani, nje ya stendi, wakati mimi nilikuwa ndani na mabegi. Usiiamini. Kuza ramani, sogeza pini kwa kidole hadi kwenye geti ulilosimama, kisha dereva akipiga mwambie alama: geti la kuingilia mabasi au la kutokea. Kwa Ngamiani ni zaidi, maana barabara zenyewe zinaitwa kwa namba. Ukiandika "barabara ya 12" peke yake unaweza kuletewa kwingine kabisa.

Malipo chagua kabla hujabonyeza kuita. Kwangu kulikuwa na kadi na keshi. Nilianza na kadi, dereva akapiga, "Dada, unalipa keshi?" na nilipokataa akaikatisha safari. Ana sababu yake: hela ya kadi haimfikii papo hapo, na mafuta anataka sasa hivi. Nikabadili kuwa keshi, wa pili akaja. Bei ilisoma 4,000, basi uwe na noti ndogo, ukitoa 10,000 chenji ni shughuli. Ukiomba kumtumia kwa simu, kubalianeni kabla ya kuondoka, kwa sababu atataka uongeze na ya kutolea. Ukituma, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Kilichonifurahisha ni kushiriki safari. Kitufe chake kinatokea dereva akishakubali, si kabla. Nilimtumia mama linki kwa WhatsApp; hana programu hiyo, ila alipoigusa alimwona dereva kwa jina, namba ya usajili na bajaji ikitembea kwenye ramani. Kabla ya kupanda, linganisha namba hiyo na iliyoandikwa nyuma ya bajaji. Zikipishana, usipande, hata akisema ni ya kaka yake. Bajaji ikiganda kwenye ramani, asiyejua atadhani mmesimama porini, kumbe mtandao tu umekata. Mpe taarifa mapema anayekufuatilia.

Kuna mchezo mmoja wa kuukataa. Dereva akikwambia "katisha, twende nje ya programu nikupunguzie 500", linki ya mama inakufa hapo hapo, na ukisahau begi hakuna safari ya kulalamikia.

Nimeipa nyota nne. Ya tano imebaki Kange kwenye ile pini.